Skrinshoti kwenye tableti ya watoto: mwongozo kamili wa makubaliano ya nyumbani

Karibu kila mzazi anayeniletea tableti kwenye saiba yangu hapa Free Area, Nakuru, ana karatasi ya aina moja nyumbani. Imebandikwa jikoni, wino mwekundu: MARUFUKU KUPIGA SKRINSHOTI. Wiki mbili baadaye anarudi akiwa amechoka, anataka nimzimie skrinshoti kabisa. Kwenye tableti ya kawaida ya Android hakuna swichi hiyo. Skrinshoti hupigwa kwa kubana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguzia sauti, na vitufe hivyo huwezi kuving'oa.

Isitoshe, mtoto huyo huyo anahitaji skrinshoti ya kazi aliyotuma mwalimu, maana bando likiisha jioni hataipata tena. Basi anapiga, anagombezwa, na mwishowe anajifunza kupiga akiwa amejifunika blanketi.

Karatasi hizo huanguka kwa sababu moja. Zinakataza kupiga, ilhali kinachowaumiza watu ni kutuma. Tena mara nyingi mlango wa kutuma ulifunguliwa na mzazi mwenyewe, akasahau. Katika mwongozo huu tutatenga mambo matatu: kupiga, kuweka na kutuma. Kila moja lina kanuni yake.

Nami nilianguka kabla yenu. Likizo ya Aprili, mwanangu wa miaka minane alishinda gemu la mbio za magari. Akapiga skrinshoti ya ushindi, akamtumia binamu yake Kakamega. Sekunde ile ile arifa ya WhatsApp ilikuwa imeshuka juu ya skrini: mweka hazina wa chama chetu ananiandikia kwamba wifi yangu hajalipa miezi mitatu, niseme naye polepole. Arifa ikaingia ndani ya picha. Binamu hutumia simu ya mamake, na mamake ndiye huyo wifi. Kwa kuwa tableti ilikuwa imeunganishwa na WhatsApp yangu, picha ilimfikia kwa jina langu, saa tatu usiku, bila hata salamu. Nasema wifi wa ndoa, si ile ya kulipia kila mwezi, ingawa wiki hiyo zote mbili zilinikatikia.

Mtoto hakuvunja sheria yoyote tuliyokuwa nayo. Alipiga gemu, na gemu lilikuwa ruhusa.

## Mnachohitaji

- Tableti yenyewe, ikiwa na chaji ya kutosha.
- Simu ya mtu mwenye WhatsApp iliyounganishwa na tableti. Bila simu hii hatua ya 2 haitaisha.
- Karatasi moja ya A4 na kalamu za rangi mbili.
- Kila anayeishika tableti, pamoja na dada wa kazi na mjomba anayekuja wikendi kutazama mpira. Anayekosa kikao hataona kuwa karatasi inamhusu.
- Saa moja na nusu. Sisi tulikaa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Msikae usiku, mdogo atasinzia katikati kisha adai hakukubali chochote.

Maelezo yangu ni ya Android, kwa sababu ndizo ninazoletewa. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Ukikosa neno, litafute kwenye kisanduku cha utafutaji kilicho juu ya Settings.

## Hatua ya 1: Tazameni zilizopo

Kabla hamjazungumza lolote, fungueni folda ya Screenshots kwenye programu ya picha. Mtazame pamoja, watoto wakiwa ndio wanaosogeza kwa kidole.

Sababu yake ni kwamba wazazi huandika kanuni kwa kubahatisha. Nilidhani tatizo kwetu ni meseji. Tulipohesabu tulikuta skrinshoti 63: 41 za magemu, 14 za kazi ya shule na 8 za mazungumzo ya watu. Hizo nane ndizo zilizotisha, lakini kati ya zile 41 tulipata sita zenye arifa zangu juu ya skrini. Mojawapo ilionyesha jina la jirani na pesa alizokuwa akiniomba nimkopeshe.

Tengenezeni mafungu matatu. La kwanza ni yetu wenyewe: hakuna mtu mwingine anayeonekana wala aliyeandika kitu ndani yake. La pili ni ya watu: kuna uso, jina, maneno au namba ya mtu mwingine. La tatu ni ya kufuli: nambari za siri, misimbo ya kuingilia, ujumbe wa M-PESA, barua ya hospitali. Ujumbe wa M-PESA una jina la mtu, kiasi cha pesa na mara nyingi salio lililobaki. Skrinshoti moja inatangaza mfuko mzima.

Onyo: siku hii usimwadhibu mtu. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa na skrinshoti ya rafiki yake akimsema mwalimu vibaya. Ningefoka, hatua zote zilizobaki angezipita akiwa amenuna na folda ya pili ameificha.

Mtajua hatua imekamilika pale mtoto mdogo kuliko wote atakapoweza kuchukua picha yoyote na kusema iko fungu gani bila kuulizwa mara mbili. Wa kwangu alikwama kwenye picha moja tu: paka wa jirani. Tulikubaliana paka ni wetu sote.

## Hatua ya 2: Zibeni njia za kutokea

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huruka, wakaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Usiiruke. Mtoto hawezi kutunza ahadi kama kifaa kinaivunja akiwa amelala.

WhatsApp ya mzazi. Akaunti ya kawaida ya WhatsApp inataka mtu awe ametimiza miaka 13. Ndiyo maana nyumba nyingi huunganisha tableti na namba ya mama ili mtoto apate kazi kutoka grupu la darasa. Lakini kinachoingia si grupu la darasa peke yake. Linaingia grupu la chama, la matanga, la kanisa, na maneno yako na shemeji. Na kila anachotuma mtoto kinatoka kwa jina lako.

Chukua simu yako, fungua WhatsApp, gusa nukta tatu, kisha Linked devices. Utaona orodha. Gusa jina la tableti, kisha Log out. Ukikuta kifaa usichokijua kwenye orodha hiyo, kiondoe pia. Mteja wangu mmoja alikuta simu aliyoiuza mwaka uliotangulia.

Utaniuliza kazi ya shule itafikaje. Ihamishe wewe kutoka simu hadi tableti kwa Quick Share: kwenye simu fungua picha au faili, gusa alama ya kushiriki, chagua Quick Share, kisha chagua tableti. Vifaa vikiwa karibu, haimalizi bando. Inachukua dakika moja jioni. Dakika hiyo inaudhi, sikatai, hasa ukiwa unapika ugali. Lakini ningekuwa nayo Aprili, wifi angekuwa bado ananisalimia.

Google Photos. Tableti ikitumia akaunti ileile ya Google iliyo kwenye simu za wazazi, skrinshoti ya mtoto inaweza kupanda huko na kuonekana kwenye simu ya baba akiwa kazini. Fungua Google Photos kwenye tableti, gusa picha ya wasifu iliyo juu kulia, ingia Photos settings, kisha Backup. Humo kuna orodha ya mafolda ya kifaa yanayohifadhiwa. Hakikisha Screenshots imezimwa. Kuzima huku hakuondoi zilizokwisha kupanda. Hizo mzifute wenyewe.

Arifa. Hata mkiondoa WhatsApp, barua pepe na kalenda bado zitashuka juu ya skrini. Mfundishe mtoto kuwasha Do Not Disturb kabla ya kucheza: vuta pazia la juu kwa kidole, gusa alama yake. Kwa arifa za skrini iliyofungwa, ingia Settings, kisha Notifications, uchague maudhui nyeti yasionyeshwe.

Watumiaji. Tableti nyingi za Android, ingawa si zote, zinaruhusu kila mtu awe na chumba chake. Tafuta neno Users kwenye Settings. Kila mtumiaji ana picha zake na folda yake ya skrinshoti, na mwenzake hazioni. Kama yako haina, msihangaike; kanuni ya Jumapili nitakayoieleza mbele itasaidia.

Dalili ya kufaulu: jitumie ujumbe kutoka simu nyingine huku mtoto akicheza gemu kwenye tableti, kisha mwambie apige skrinshoti. Picha ikitoka safi juu, bila jina la mtu, njia hiyo imeziba. Rudieni mara tatu. Sisi ya pili ilitoka chafu, kwa sababu nilisahau barua pepe ya kazini.

## Hatua ya 3: Kaeni kikao, na mzazi aanze kukiri

Watoto hawatasema ukweli wao kabla hawajasikia wako. Nilianza kwa kukiri kwamba niliwahi kupiga skrinshoti ya maneno binti yangu aliyoniandikia akiomba msamaha, nikaituma kwa dada zangu kwa sababu ilikuwa tamu.

Akaniangalia. "Mama, Shangazi mdogo aliisoma?"

"Aliisoma."

"Na alicheka?"

"Alicheka kwa upendo."

"Mimi nilikuwa nalia nikiandika," akasema.

Hapo ndipo kikao kilipoanza kuwa kikao. Kutoka kwake tulipata kanuni ambayo mimi nisingeiandika: watu wazima nao wanaomba ruhusa.

Halafu ulizeni maswali matatu juu ya picha halisi kutoka zile mlizohesabu. Nani anaonekana au ameandika humu? Anajua kwamba mimi ninayo? Akiiona imebandikwa kwenye mlango wa kanisa Jumapili, atajisikiaje? Swali la tatu ndilo linalofanya kazi kwa watoto. Neno "faragha" halikumwambia mwanangu chochote; mlango wa kanisa alinielewa papo hapo.

Tulitumia picha ya Kukhu, bibi yao. Binamu wa miaka 13 alikuwa amepiga skrinshoti wakati wa simu ya video, kitambaa cha Kukhu kikiwa kimemwanguka kichwani na mdomo wazi katikati ya neno. WhatsApp haikuambii kwamba mtu amekupiga skrinshoti katika mazungumzo ya kawaida wala kwenye simu ya video, kwa hiyo Kukhu hakujua. Tulimpigia palepale.

"Kukhu, tuna picha yako kitambaa kimeanguka. Tuiweke?"

"Nani ameiona?"

"Sisi wanne."

"Basi inatosha. Ifuteni, na mnipigie nyingine nikiwa nimejifunga vizuri."

Watoto walishangaa kwamba mtu mzima anaweza kusema hapana kwa jambo walilodhani ni mzaha. Kama bibi au babu yenu ana simu, fanyeni hivi. Simu moja ya aina hiyo ilitufaa kuliko maelezo yangu yote ya nusu saa.

Hapa pia ndipo pa kuzungumzia picha za grupu la darasa, zile za watoto wengi wakiwa wamesimama na vyeti. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo haiingilii mambo ya ndani ya nyumba yenu, hivyo msiwatishe watoto kwa polisi. Niliwaambia tu kwamba kama shule nzima inapaswa kuuliza kwanza, nasi tunaweza kuuliza.

Dalili ya kufaulu ni mtoto kupinga jambo moja angalau. Kikao ambacho wote wanaitikia "ndiyo Mama" kuanzia mwanzo hadi mwisho kimeshindwa, na utaliona hilo kabla ya Ijumaa.

## Hatua ya 4: Andikeni, kwa maneno ya watoto

Anayeandika awe mtoto mkubwa, siyo wewe. Kalamu ya bluu ni ya kanuni, nyekundu ni ya mambo yasiyo na mjadala. Andikeni linalofanywa. "Usitume ovyo" haina maana, kwa sababu kila mtu anaamini yeye hatumi ovyo.

Karatasi yetu inasema hivi:

> Kupiga. Unaweza kupiga skrinshoti ya kazi ya shule na ya gemu bila kuuliza. Washa Do Not Disturb kwanza. Ya maneno au uso wa mtu, muulize mwenyewe kwanza.
>
> Kuweka. Skrinshoti zinakaa mpaka Jumapili. Unayoitaka zaidi ya hapo, ihamishe kwenye folda yenye jina lako.
>
> Kutuma. Ya fungu letu, kata sehemu ya juu na ya chini, kisha mwonyeshe mtu mzima kabla ya kutuma. Ya fungu la watu, mwenyewe akubali kwanza. Ya fungu la kufuli haitumwi kwa yeyote.
>
> Magemu. Kabla ya kutuma ushindi, kata jina la mchezaji, namba yake na maneno ya wengine. Mtu akikuomba skrinshoti ya msimbo, hata akiwa rafiki, jibu ni hapana na umwambie Mama au Baba.
>
> Wakubwa. Mama na Baba wanaomba ruhusa kabla ya kutuma picha au maneno ya mtoto.
>
> Hatari (nyekundu). Mtu akikutisha, akikutukana au akikuomba siri, PIGA skrinshoti, usifute, ulete. Hutagombezwa kwa kupiga.

Nifafanue mawili, maana ndiyo yanayorudisha watu kwangu.

La kwanza ni kukata. Watoto hupenda kufunika jina kwa kalamu ya rangi iliyomo kwenye programu ya picha. Ile kalamu ya kung'arishia maandishi hupitisha mwanga. Anayepokea akiongeza mwangaza wa picha anaweza kusoma kilicho chini yake. Kwa hiyo tumieni Crop, kipande kiondoke kabisa. Kama kinachofichwa kiko katikati na hakikatiki, picha hiyo haitumwi. Na kwa nini misimbo? Kwa sababu anayetaka kuiba akaunti ya gemu au ya WhatsApp anahitaji tarakimu chache zilizofika kwenye kifaa chako, na njia rahisi ya kuzipata ni kumwomba mtoto "nitumie skrinshoti nione".

La pili ni ile kanuni nyekundu. Marufuku ya jumla ina madhara makubwa hapa: mtoto anayetishwa hufuta kila kitu kwa kuogopa kuulizwa kwa nini alipiga, na ushahidi unapotea. Andikeni wazi kwamba hatari ndiyo mahali pa kupiga. Picha ionyeshe jina la anayetisha, tarehe na saa.

Lakini kuna mpaka, na mzazi aujue vizuri. Ikiwa kilichotumwa ni picha ya utupu ya mtoto, wa kwenu au wa wengine, msiipige skrinshoti, msiisambaze hata kwa mwalimu au kwa baba yake "aone". Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, hata kuwa na picha ya namna hiyo kwenye kifaa ni kosa. Zima skrini, weka tableti mahali salama, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya, na uripoti kwa polisi. Kwa mtoto, sentensi moja inatosha: ukiona mtu hana nguo, funga tableti uniletee.

Mtie sahihi wote. Mwanangu mdogo alichora gari.

## Hatua ya 5: Jaribuni kwa wiki mbili

Usiulize "mnafuata kanuni?" Tengeneza majaribio, na uwaambie mapema kwamba yatakuja bila kusema siku.

Jaribio langu la kwanza: nilimwomba dada yangu amwambie mwanangu kwenye simu ya video, "Nitumie ile picha ya ushindi wako." Alikata juu, akasahau chini, ambako jina la mpinzani wake lilikuwa limeandikwa. Alipokuja kunionyesha tuliliona pamoja, akakata tena. Hilo nalihesabu kuwa amefaulu, maana kanuni ya kumwonyesha mtu mzima ilifanya kazi yake.

Jaribio la pili lilikuwa langu mimi. Binti aliandika shairi kwenye tableti, akaliacha wazi mezani, akanichungulia. Nililisoma, nikataka sana kumtumia Kukhu. Nikauliza. Akasema hapana. Sikutuma, na nakiri nilikasirika hadi jioni.

Baada ya wiki mbili hesabuni tena folda. Sisi tulikuta 22. Zenye arifa: hakuna. Zenye maneno ya watu: moja, nayo iliombewa ruhusa. Idadi ikiwa sifuri kabisa, shuku. Aidha hawatumii tableti, au wanafuta kabla hujaona.

## Hatua ya 6: Kanuni ikivunjwa

Itavunjwa. Jambo la kwanza ni muda. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kubonyeza ujumbe kwa muda, kuchagua Delete, kisha Delete for everyone, lakini nafasi hiyo hudumu siku mbili na kitu tu. Tena haiondoi kilichokwisha kuhifadhiwa au kupigwa skrinshoti upande wa pili. Kwa hiyo mtoto anayekuja kusema mapema hapunguziwi adhabu kwa huruma yangu. Anapunguziwa kwa sababu kusema mapema kunaokoa.

Fuateni mpangilio huu: futeni pande zote mnazoweza, mpigieni aliyepokea mkimwomba afute na asisambaze, kisha mtoto amwambie mwenye picha kwa mdomo wake. Hili la mwisho ndilo zito, na mzazi akae kando yake. Adhabu ya kunyang'anya tableti tuliiweka siku mbili, kwa yule aliyeficha tu.

Kumbukeni pia kwamba kufuta siyo kumaliza. Kwenye Google Photos kilichofutwa hukaa kwenye pipa: siku 60 kama kilikuwa kimehifadhiwa mtandaoni, siku 30 kama hakikuwa. Fungueni pipa, mmalizie huko.

Kuna mzazi aliyeniambia atatumia View once, ile ya picha kufunguka mara moja tu, kwa kila picha na hivyo hahitaji karatasi. View once kweli huzuia skrinshoti kwenye WhatsApp. Haizuii simu ya pili iliyoshikwa mbele ya skrini, na nyumba yenye binamu haikosi simu ya pili.

## Hatua ya 7: Jumapili, na wageni

Kila Jumapili kabla ya tableti kuchajiwa, mmoja wa watoto, kwa zamu, anafungua Screenshots na kufuta kila kisichohamishwa. Kwetu inachukua dakika nne. Mzazi asifute mwenyewe: mara moja nilifuta karatasi ya sayansi ya Gredi ya 6 nikidhani ni gemu, na Jumatatu asubuhi nikaikumbuka vizuri sana.

Wageni wa likizo wasomewe karatasi kabla ya kupewa tableti, hata kama walikuwepo mwaka jana. Anayesoma awe mtoto. Binamu alipokuja Agosti, mwanangu alisimama mbele yake akamsomea yote, akafika kwenye Magemu, akasimama kidogo.

"Hii ni kwa sababu yako na mimi," akamwambia.

Binamu akaweka sahihi chini ya lile gari. Wifi alipokuja kumchukua mwisho wa mwezi aliisoma ikiwa ukutani, karatasi nzima, taratibu. Akachukua kalamu nyekundu juu ya friji, akaongeza mstari mmoja kwenye sehemu ya Wakubwa: *na meseji za chama zisomwe simu ikiwa mfukoni.* Bado upo.